Nyumba, gari na chakula cha mwajiri: kodi yake hupigwaje?

Meneja wa ghala anapewa kazi Morogoro. Mshahara ni shilingi 2,500,000 kwa mwezi, nyumba ya kampuni ipo, gari lipo, na mchana anakula kantini pamoja na wenzake. Mwezi wa kwanza ukiisha anafungua slipu ya mshahara na kukuta kodi ya PAYE imezidi ile aliyoikadiria kwa zaidi ya shilingi laki moja. Mshahara haujabadilika na hakuna posho iliyoongezwa, kwa hiyo wazo la kwanza ni kwamba mhasibu amekosea.

Huenda mhasibu hajakosea. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, mapato ya ajira hayaishii kwenye fedha zinazoingia benki. Kitu chochote chenye thamani ambacho mwajiri anampa mfanyakazi kwa sababu ya ajira yake ni mapato, isipokuwa sheria yenyewe imekitoa. Nyumba ya kuishi inahesabiwa, na gari la kutumia nyumbani linahesabiwa. Thamani yake huongezwa kwenye mshahara, kodi hukokotolewa kwa jumla hiyo, na makato yote hutoka kwenye fedha taslimu, maana nyumba haiwezi kumegwa kipande kikapelekwa TRA. Ndiyo sababu slipu inauma hata pale hesabu ikiwa sahihi.

Kazi ngumu ni kuipata hiyo thamani. Nyumba ina kanuni yake, gari lina jedwali lake, na chakula kina mlango wake wa kutokea. Hapa tunazungumzia Tanzania Bara na mfanyakazi wa sekta binafsi. Mtumishi wa Serikali tutamgusa mbele kidogo.

Tuanze na nyumba, kwa kuwa ndiko fedha nyingi zinakopotea. Mhasibu anatakiwa kuwa na namba tatu mezani. Ya kwanza ni pango la soko, yaani kiasi ambacho nyumba ile, pamoja na samani zilizomo, ingepangishwa kwa mtu baki katika kipindi ambacho mfanyakazi ameishi humo. Ya pili ni asilimia 15 ya jumla ya mapato ya mfanyakazi kwa mwaka, kabla ya kuihesabu nyumba yenyewe. Ya tatu ni gharama ambazo mwajiri amezidai kwenye hesabu zake za kodi kwa ajili ya nyumba hiyo: pango analolipa kwa mwenye nyumba, ukarabati, bima, mlinzi na mengineyo.

Namba hizo hazijumlishwi, na mhasibu hana uhuru wa kuchagua anayoipenda. Kwanza unashindanisha asilimia 15 na gharama za mwajiri, unachukua iliyo kubwa. Kisha hiyo kubwa unaishindanisha na pango la soko, unachukua iliyo ndogo. Basi. Pango la soko ndilo dari: thamani ya nyumba haiwezi kulipita hata kama mwajiri ametumia mamilioni. Na chini ya dari hiyo, asilimia 15 ndiyo sakafu, hata kama mwajiri hakutumia senti.

Turudi kwa meneja wetu. Katika mshahara wa 2,500,000 anakatwa asilimia 10 ya mchango wa NSSF, ambao ni shilingi 250,000. Mchango huo hutolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kinachobaki kutozwa ni 2,250,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 27,000,000 kwa mwaka. Gari lake, kama tutakavyoona, linamwongezea shilingi 500,000 kwa mwaka. Jumla ya mapato bila nyumba ni 27,500,000, na asilimia 15 yake ni shilingi 4,125,000.

Nyumba ni mali ya kampuni, ilijengwa zamani jirani na ghala. Kwa mwaka kampuni imedai gharama za rangi, bati na mlinzi zenye jumla ya shilingi 1,800,000. Nyumba za aina hiyo mtaani zinapangishwa kwa shilingi 500,000 kwa mwezi, ambazo ni 6,000,000 kwa mwaka. Kati ya 4,125,000 na 1,800,000, kubwa ni 4,125,000. Kati ya hiyo na 6,000,000, ndogo ni hiyo hiyo 4,125,000. Hiyo ndiyo thamani ya nyumba, na ukiigawa kwa miezi 12 unapata shilingi 343,750 kila mwezi.

Kwa viwango vya PAYE vya Bara vilivyoanza Julai 2021, kipato cha mwezi hadi shilingi 270,000 hakitozwi kitu. Kuanzia hapo asilimia hupanda kwa ngazi, 8, kisha 20, kisha 25, na sehemu inayozidi shilingi 1,000,000 hutozwa asilimia 30 juu ya shilingi 128,000 zinazotokana na ngazi za chini. Kwa mshahara peke yake meneja angelipa 128,000 na asilimia 30 ya 1,250,000, jumla shilingi 503,000. Ukiongeza nyumba 343,750 na gari takribani 41,667, kipato chake cha kutozwa kinafika 2,635,417 na kodi inakuwa shilingi 618,625. Tofauti ni 115,625, na ndiyo ile laki na ushee iliyomshtua. Kati ya hizo, nyumba imebeba 103,125 na gari 12,500.

Sasa badilisha jambo moja tu. Chukulia kampuni haina nyumba, bali imempangia meneja nyumba ya mtu kwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Gharama anayodai mwajiri inakuwa 6,000,000 kwa mwaka, inaishinda asilimia 15, na inapokutana na pango la soko inalingana nalo. Thamani ya nyumba ni 6,000,000. Mshahara ni ule ule na nyumba ni ya hadhi ile ile, lakini kodi ya nyumba peke yake imepanda hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Hapa ndipo pa kushika: nyumba ikiwa imepangwa kwa bei ya soko, jibu litakuwa pango la soko siku zote. Asilimia 15 hufanya kazi hasa pale nyumba inapokuwa ya mwajiri mwenyewe, au alipoipata kwa bei ya chini.

Makosa mengi yanazaliwa kwenye hatua hii. Ofisi nyingi zimezoea asilimia 15 kama dawa ya kila ugonjwa, na fomula yake imekaa kwenye jedwali la mishahara kwa miaka bila mtu kuuliza nyumba ni ya nani. Kwa meneja aliyepangiwa nyumba, asilimia 15 ingeonyesha 4,125,000 badala ya 6,000,000. Pungufu ni 1,875,000 kwa mwaka, na kodi iliyokosekana ni shilingi 562,500. Mkaguzi akifungua mkataba wa pango na kulinganisha na karatasi ya mishahara, analiona jambo hilo kabla chai haijapoa.

Kosa la upande wa pili linamwumiza mfanyakazi. Kampuni ilifunga mkataba mrefu kwa shilingi 700,000 kwa mwezi wakati mji ulipokuwa na mradi mkubwa na nyumba ni za kugombania. Mradi ukaisha, bei zikashuka, na leo nyumba kama ile inapatikana kwa 500,000. Mhasibu akiweka 8,400,000 kwa sababu ndiyo fedha iliyotoka, amesahau dari. Thamani ya kutozwa ni 6,000,000 tu. Mfanyakazi anayetaka kulithibitisha hilo hahitaji maneno mengi. Mikataba miwili mitatu ya nyumba jirani zinazofanana, au ripoti ya mthamini, inatosha kuanzisha mazungumzo.

Dari hiyo hiyo humlinda na mtu wa kipato kidogo. Mlinzi mwenye mshahara wa shilingi 300,000, akishatoa mchango wa 30,000, anabaki na 270,000, yaani yuko ukingoni kabisa mwa kiwango kisichotozwa. Kampuni inampa chumba uani. Asilimia 15 ya kipato chake ni 40,500 kwa mwezi, lakini chumba cha namna ile mtaani ni 30,000. Kinachoingia ni 30,000, na kodi yake kwa asilimia 8 ni shilingi 2,400. Ni fedha ndogo kwa kampuni. Kwa mlinzi ni mboga ya nyumbani, na tofauti ya shilingi mia nane na ushee kila mwezi itokanayo na mhasibu kuruka hatua ya mwisho si haki kumtoza.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalioni mpaka Desemba. Kwa kuwa asilimia 15 inapigwa kwa jumla ya mapato ya mwaka, nyongeza yoyote ya kipato huipandisha na thamani ya nyumba. Meneja wetu wa nyumba ya kampuni akipewa bonasi ya shilingi 5,000,000 isiyokatwa mchango, kodi ya bonasi yenyewe ni 1,500,000. Lakini asilimia 15 ya hiyo bonasi, yaani 750,000, inaongezwa kwenye thamani ya nyumba, na hapo kuna kodi nyingine ya shilingi 225,000. Thamani ya nyumba imetoka 4,125,000 hadi 4,875,000, bado iko chini ya pango la soko, kwa hiyo hakuna cha kuizuia. Mhasibu anayepiga hesabu ya nyumba Januari na kuiacha hadi mwisho wa mwaka ataikosa shilingi hiyo 225,000, na itarudi baadaye kama deni. Kwa aliyehamia nyumba katikati ya mwaka, asilimia 15 hugawanywa kwa muda alioishi: akiingia Septemba, anahesabiwa miezi minne kati ya 12.

Gari halina ushindani wa namba tatu. Sheria imeweka jedwali linaloangalia mambo mawili tu, ujazo wa injini na umri wa gari. Injini isiyozidi cc 1,000 inahesabiwa shilingi 250,000 kwa mwaka. Ya zaidi ya hapo hadi cc 2,000 ni 500,000, hadi cc 3,000 ni 1,000,000, na inayozidi cc 3,000 ni 1,500,000. Gari likishapita miaka mitano, kila kiasi hukatwa nusu. Meneja wetu anaendesha Prado ya dizeli yenye injini ya cc 2,982 na umri wa miaka saba. Iko ndani ya cc 3,000, imepita miaka mitano, kwa hiyo ni nusu ya milioni moja: shilingi 500,000 tuliyoitumia kwenye hesabu.

Injini hiyo ya cc 2,982 inastahili kutazamwa kwa karibu. Mtaani watu huiita ya "elfu tatu", na karani aliyeandika 3,000 kwa kukadiria hajaleta madhara, kwa kuwa elfu tatu kamili bado iko kwenye ngazi ile ile. Ila aliyeandika "Prado, injini kubwa" na kuipeleka ngazi ya juu amempandishia mwenzake thamani kutoka 500,000 hadi 750,000 kwa kosa la kutofungua kadi ya gari. Kadi ndiyo ushahidi: ina ujazo wa injini na mwaka wa kutengenezwa. Jambo jingine la kukagua ni ile siku gari linapotimiza miaka mitano na kuvuka. Thamani inatakiwa kushuka nusu, na mara nyingi haishuki kwa kuwa hakuna aliyekumbushwa.

Kipimo cha jedwali ni kwamba gari limetolewa litumike, lote au kwa sehemu, kwa mambo binafsi. Pikapu inayolala yadi ya kampuni na kutoka asubuhi kupeleka mzigo si manufaa ya dereva. Gari linalolala kwa meneja, likapeleka watoto shule na Jumapili likaenda kanisani, limeshaingia kwenye jedwali, hata kama siku tano za wiki liko kazini. Upande mwingine, mwajiri asiyedai gharama zozote za gari hilo kwenye hesabu zake za kodi, iwe umiliki, matengenezo au uendeshaji, anamwondolea mfanyakazi thamani yote. Hilo ni la kuulizwa, si la kudhaniwa, kwa kuwa mafuta yakidaiwa hata kidogo msamaha umekwenda.

Nina maoni yangu kuhusu jedwali hili, na ninayasema waziwazi. Linampendelea mwenye gari la bei. Land Cruiser mpya yenye injini ya zaidi ya cc 4,000 inahesabiwa shilingi 1,500,000 kwa mwaka, ambazo kwa asilimia 30 ni kodi ya shilingi 37,500 kwa mwezi. Karani anayepewa posho ya usafiri ya shilingi 300,000 taslimu, ikiwa naye yuko kwenye ngazi ya asilimia 30, anakatwa 90,000 kwa mwezi ili apande daladala na bodaboda. Kiasi kilichoandikwa kwenye jedwali hakifuati bei ya gari hata chembe. Wakenya wamechukua njia nyingine: kwao msingi ni asilimia 2 ya bei ya awali ya gari kwa kila mwezi, hivyo gari lililonunuliwa kwa shilingi milioni 3 za Kenya humwongezea mfanyakazi kipato cha shilingi 60,000 za Kenya kila mwezi. Ni kali, lakini angalau inatofautisha gari la kifahari na kigari cha kubangaiza. Jedwali letu linahitaji kurekebishwa.

Chakula ndicho chepesi kuliko vyote, na ndicho kinachochezewa zaidi kwa kutojua. Sheria inatoa kwenye mapato huduma ya kantini inayotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi kwa masharti yale yale. Wali maharage wa mchana unaoliwa na meneja, karani na mbeba mizigo kwenye meza moja hauna kodi kwa yeyote kati yao. Mwajiri akiwafungulia wakubwa pekee akaunti ya chakula hotelini, msamaha huo hauwahusu, na thamani ya chakula chao inahesabiwa.

Fedha ya chakula ni habari nyingine kabisa. Kampuni ikifunga jiko na kuwapa watu shilingi 5,000 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni 130,000 kwa mwezi, na hiyo ni sehemu ya mshahara kama ilivyo shilingi nyingine yoyote. Meneja anakatwa 39,000 juu yake. Opereta wa mashine mwenye mshahara wa 400,000, ambaye baada ya mchango wa NSSF anatozwa kwenye 360,000, akiongezewa 130,000 bado yuko ngazi ya asilimia 8, naye anakatwa 10,400. Sahani aliyokuwa akiila bure kwa kodi imegeuka kuwa shilingi elfu kumi na ushee kila mwezi. Wafanyakazi wanaodai posho badala ya kantini wanastahili kuijua hesabu hii kabla ya kuketi na mwajiri. Kenya wao wameweka kikomo: tangu mwishoni mwa Desemba 2024, chakula anachotoa mwajiri hakitozwi hadi thamani ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi.

Hadithi ya nyumba nayo inafanana. Meneja akipewa 500,000 taslimu za pango badala ya nyumba ya kampuni, kodi yake ni 150,000, na zinazobaki 350,000 hazitoshi nyumba ile ile. Nyumba ya kampuni ingemgharimu kodi ya 103,125 tu. Kwa hiyo anayejadili mkataba asilinganishe posho na nyumba kwa jina la kiasi, alinganishe kinachobaki mkononi.

Kwa mtumishi wa umma mambo ni tofauti. Nyumba anayokaa mfanyakazi wa Serikali, au wa taasisi ambayo bajeti yake inatoka Serikalini yote au kwa sehemu kubwa, imetolewa kwenye mapato, na posho yake ya nyumba pia. Mwalimu wa shule ya Serikali katika nyumba ya shule hakatwi kitu kwa nyumba hiyo. Mwenzake wa shule binafsi ng'ambo ya barabara anakatwa. Siioni sababu nzuri ya tofauti hiyo, lakini ndiyo sheria ilivyo, na mwalimu wa shule binafsi asidanganywe kwamba mfano wa jirani yake unamhusu.

Baadhi ya waajiri hukwepa usumbufu wote huu kwa kutoandika chochote. Nyumba ipo, gari lipo, slipu inaonyesha mshahara mtupu. Mfanyakazi hufurahi, na furaha hiyo ina gharama. PAYE inatakiwa ifikishwe ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na mwajiri asiyekata anabaki kudaiwa ile kodi pamoja na riba. Akishailipa, sheria inamruhusu kuirudisha kutoka kwa mfanyakazi. Kwa meneja wetu, miaka mitatu ya kimya ni zaidi ya shilingi milioni nne za kodi peke yake: 115,625 mara miezi 36 ni 4,162,500. Dalili ni rahisi kuiona. Kama unaishi nyumba ya kampuni ya binafsi na slipu yako haina mstari wowote wa nyumba, deni linajengeka kimyakimya.

Kwa hiyo mwombe mhasibu wako mambo manne kwa maandishi: pango la soko alilotumia na alikolitoa, asilimia 15 aliyoipiga kwa mapato gani, gharama ambazo kampuni imezidai kwa nyumba, na nakala ya kadi ya gari. Ziweke kwenye karatasi moja na slipu yako, uipige hesabu mwenyewe kabla mwaka haujafungwa, wakati kosa bado linaweza kusahihishwa kwenye mshahara wa mwezi unaofuata.